Sura ya Sita: Utando wa Maziwa Yaliyochemshwa

Hapana nyumba yenye mazoea ya kuchemsha maziwa, iwe Dodoma mjini, iwe Kongwa au Manyoni, isiyoujua ule utando laini, wenye rangi iliyoelekea manjano kidogo, ambao hutanda juu ya sufuria mara maziwa yanapoepuliwa na kuanza kupoa. Na aghalabu watu wa nyumba moja huwa wamehitilafiana juu yake, kwani huyu huuopoa kwa kijiko akautupa, akisema kuwa ni taka iliyopanda juu, na yule humwita mtoto aje aule ungali na moto, akisema kuwa nguvu zote za maziwa zimo humo. Anayeutupa anatupa chakula kizuri, hilo halina shaka. Lakini anayempa mtoto naye ana jambo la kuangalia, nalo ni kwamba utando si ushahidi kuwa maziwa yamechemka. Hujitokeza mapema, maziwa yangali vuguvugu tu, na utando wa maziwa ya namna hiyo waweza kuwa na hatari kuliko maziwa yenyewe yaliyo chini yake. Jinsi jambo hilo linavyowezekana ndiyo habari ya sura hii, nasi hatutalifahamu barabara mpaka tujue kwanza utando umefanywa kwa kitu gani.

Tutwae maziwa ya ng'ombe wetu wa asili, mwenye nundu, ambaye wataalamu humgawa katika koo mbalimbali, wakamtaja yule wa Kigogo na yule mweupe wa Singida kuwa ndio wa nchi hii ya kati. Huyu hakamwi sana. Katika malisho makavu akitoa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya, mwenyewe hanung'uniki. Ndiyo sababu kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, ambacho asili yake ni zama za Wajerumani, kilianza katika miaka ya 1940 kuchanganya damu ya ng'ombe hawa na ya wale wa Sahiwal na Sindhi Wekundu kutoka Bara Hindi, hata ikapatikana aina iitwayo Mpwapwa, yenye kustahimili ukame na kutoa maziwa zaidi. Walakini uchache wa maziwa ya ng'ombe wa asili hulipwa na uzito wake, kwa maana mafuta yake aghalabu huwa ni mengi kuliko ya ng'ombe wa Kizungu, na mwenye kuyachemsha huona tofauti hiyo kwa macho, katika unene wa utando.

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe, kwa makadirio ya kawaida, ina maji sehemu 87 katika kila mia. Katika yaliyobaki mna sukari ya maziwa, ambayo haihusiki sana na habari yetu, mna mafuta, na mna protini kiasi cha gramu 33, pamoja na chumvi chumvi ambazo mashuhuri yake ni kalsiamu, ile ijengayo mifupa. Protini hizo ni za namna mbili. Iliyo nyingi, yapata sehemu nne katika tano, ni kaseini, nayo huelea katika maziwa kwa vifundo vidogo mno vilivyoshikana kwa kalsiamu, na vifundo hivyo ndivyo vinavyoyapa maziwa weupe wake. Hiyo pia ndiyo inayoganda tufanyapo mtindi. Sehemu ya tano iliyobaki ni zile protini zinazosalia katika maji maji ya kimanjano yanayojitenga mtindi unapokatika. Mafuta nayo yamo kwa matone yasiyohesabika, kila tone limevikwa ngozi yake nyembamba, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, muda wote yanajaribu kupanda juu.

Sasa na tuyateleke maziwa, lita mbili zilizonunuliwa alfajiri kwa mwenye baiskeli na madumu, katika sufuria pana isiyo na kifuniko, juu ya jiko la mkaa lenye moto wa wastani, na kipimajoto kando. Kwa kitambo hapana cha kuona. Kipimo kikaribiapo nyuzi 45 au 50, naam, hata kidole chaweza bado kuvumilia kwa nukta chache, uso wa maziwa huacha kung'aa, ukawa kama umefifia, na ukiupuliza polepole utaona mikunjo mikunjo midogo ikisogea kwa pamoja kuelekea ukingo wa pili. Huo tayari ni utando. Ni mwembamba hata haushikiki kwa kijiko, lakini upo, na hapo maziwa yako nusu ya safari tu. Yafikapo nyuzi 60 waweza kuunyanyua kwa ncha ya uma ukaning'inia. Yapitapo 70, zile protini za maji maji, ambazo kwa maumbile zimejikunja, huanza kukunjuka kwa ajili ya moto na kujinasisha katika vifundo vya kaseini, na tangu hapo utando unakuwa mzito na mgumu zaidi. Ukiuondoa, mwingine hufanyika mahali pake baada ya dakika chache. Ukiuondoa huo, hufanyika wa tatu.

Wako waliodhani kwamba hiyo ndiyo siri yote, yaani kwamba utando ni protini iliyoganda kwa moto kwa jinsi ile ile ute wa yai unavyoganda. Na dhana hii imeandikwa katika vitabu vingi vya upishi. Lakini kaseini, ambayo ndiyo nyingi kati ya protini za utando, haigandi kwa moto wa jikoni: waweza kuichemsha saa nzima isigande, ilhali tone la ndimu huigandisha mara moja. Tena tumeona kwamba utando huanza chini ya nyuzi 50, ambapo hata zile protini nyingine hazijaguswa na moto. Sababu yenyewe ni kukauka. Maji ya juu kabisa ya maziwa hugeuka mvuke na kwenda zake, na protini zilizokuwa zikiogelea humo hubaki zimesongamana, zikashikana, zikanasa kalsiamu na matone ya mafuta yaliyokuwa yakipanda, hata uso ukawa mkavu juu ya maziwa mabichi, kama tope la lambo linavyofanya gamba mwezi wa Septemba hali chini yake mngali maji. Mwenye kutaka yakini na afanye jaribio jepesi: agawanye maziwa yale yale katika sufuria mbili, moja aiache wazi na nyingine aifunike kifuniko kinachokaza, azipashe kwa joto moja. Iliyo wazi itafanya utando. Iliyofunikwa, ambamo hewa ya juu imeshiba mvuke na maji hayana njia ya kutoka, haitafanya, au itafanya kidogo tu. Kama ni kazi ya moto peke yake, zote mbili zingalifanya sawasawa.

Kwa hiyo nchi kavu huzidisha utando. Katika Dodoma, ambako mvua hukoma kabisa kwa zaidi ya nusu ya mwaka na upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi hukausha hata midomo, sufuria iliyowekwa karibu na dirisha hutanda upesi kuliko ile iliyowekwa katika jiko la pwani lenye hewa ya unyevu. Dhahiri pia kwamba utando si mafuta matupu, ingawa wengi huuita hivyo, madhali hata maziwa yaliyoenguliwa mafuta yote nayo hufanya utando, mwembamba na mkavu, usio na ladha. Mafuta huuongezea unene na utamu. Kaseini ndiyo inayousuka.

Na utando huo ndio unaoyamwaga maziwa. Maji matupu yakichemka mapovu ya mvuke hupanda, yakapasuka, yakaisha. Bali katika maziwa mapovu hukuta dari imefungwa, na kila povu lenyewe limevikwa protini na halipasuki kwa urahisi, basi hurundikana chini ya utando na kuuinua mpaka yote yakafura na kuzima moto. Ndiyo sababu mpishi husimama na mwiko. Anayekoroga hafanyi hivyo ili maziwa yasiungue tu; anavunja utando kila unapofanyika, mvuke upate njia.

Sasa tuje kwenye usalama, na hapa hatuna budi kumtaja mtu mmoja ambaye wafugaji wa Afrika Mashariki wanamwia deni kubwa bila kumjua. Theobald Smith, tabibu wa Kimarekani, ndiye ambaye mwaka 1893, pamoja na mwenziwe Kilborne, alitangaza uthibitisho kwamba homa ya ng'ombe ya kukojoa damu huletwa na kupe. Habari ambayo kwetu leo ni ya kawaida, na ambayo majosho yetu yote yamejengwa juu ya msingi wake. Baadaye alipokuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard aliushughulikia ugonjwa wa kifua kikuu, akaonyesha kwamba vijidudu vya ng'ombe na vya binadamu si vya namna moja, kisha akajiuliza ni joto gani litoshalo kuviua vilivyo ndani ya maziwa. Mwaka 1899 akatoa majibu. Vijidudu vilivyotiwa katika maji au mchuzi, vikapashwa kwa nyuzi 60, vilikufa katika muda wa dakika 15 hadi 20, na katika maziwa pia, maadamu vimo ndani ya maziwa yenyewe. Lakini alipotwaa utando uliofanyika juu ya maziwa hayo hayo aliweza kukuta humo vijidudu vilivyo hai hata baada ya dakika 60.

Jambo hilo lilikuwa limewatatanisha waliomtangulia, kwani huyu alipata jibu hili na yule jibu lile, na hapakuwa na aliyekisia kuwa hitilafu yatoka katika chombo kilichoachwa wazi. Ukitafakari, sababu zake si ngumu. Maji yanapogeuka mvuke hutwaa joto na kwenda nalo, basi uso wa maziwa huwa wa baridi kuliko tumbo lake, na kipimajoto kilichozamishwa katikati hakina habari hiyo. Fauka ya hayo, kijidudu kilichonaswa katika protini iliyokaushwa nusu hustahimili moto kuliko kile kilichomo majini, kwa kuwa ukavu wenyewe huwa kinga kwake. Na matone ya mafuta, yapandapo, huvuta na kukokota vijidudu vingi kwenda navyo juu. Hivyo utando huweza kuwa mahali penye vijidudu vingi na joto dogo kuliko sehemu yoyote ya sufuria.

Viwanda vya maziwa vililichukua fundisho hilo. Mahali ambapo maziwa hupasteurishwa kwa njia ya polepole katika pipa, yaani kwa nyuzi 63 kwa nusu saa, pipa hufunikwa, hukorogwa muda wote, na hewa iliyo juu ya maziwa hupashwa kwa mvuke iwe na joto zaidi ya maziwa yenyewe, ili povu na utando visipate mahali pa kupoa. Jikoni kwetu hapana hewa ya kupashwa. Lakini tunao mwiko, tunacho kifuniko, na tuna joto kubwa zaidi la mchemko.

Kuhusu mchemko, msomaji wa Dodoma aliyefundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 na ajue ya kuwa fundisho hilo ni la usawa wa bahari. Mji huu uko juu ya bahari kwa yapata meta 1,120, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Maziwa hupita hapo kwa sehemu ndogo ya uzi mmoja. Wako waliopata hofu kwa ajili ya nyuzi hizo nne zinazopungua, lakini hazina madhara kwa jambo letu, maana kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, na kile cha brusela kinachotupisha ng'ombe mimba na kumletea mtu homa ya kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo, vyote hufa kwa nyuzi 72 katika nukta 15 tu, sembuse 96. Taksiri haiko katika mwinuko wa nchi. Iko katika kuepua mapema.

Nayo huepuliwa mapema kwa sababu nyingi za kawaida. Mkaa umepanda bei. Mtoto analia. Au mzee wa nyumba anapenda maziwa vuguvugu, na husema kuwa yakichemka hupoteza ladha. Hapo maziwa hupashwa mpaka yatoe moshi kidogo na kutanda, na mwenye kupasha akiuona utando hudhani kazi imekwisha. Kumbe yumo katika zile nyuzi 50 au 60, katika hali ile ile aliyoipima Smith, tena kwa dakika tano badala ya 60. Katika nyumba ya namna hiyo ningesema bila kusita kwamba utando usiliwe, na maziwa yasinywewe pia, mpaka yarudishwe motoni. Brusela si ugonjwa wa hadithi katika nchi za wafugaji wa Tanzania. Wagonjwa wake wengi huanza kwa kutibiwa malaria mara kadhaa kabla ya kujulikana wanaugua nini.

Hakika ya kuchemka hutambulika hivi. Maziwa yafurapo kwa mara ya kwanza na kupanda ukingoni, usiepue ukaridhika, bali punguza moto au inua sufuria kidogo, zamisha utando kwa mwiko mpaka upotee ndani, pamoja na ule ulioganda pembeni juu ya maziwa, kisha rudisha na uache mapovu makubwa yachomoze katikati ya sufuria, si kandokando peke yake, kwa dakika moja au mbili huku ukikoroga. Mapovu madogo ya ukingoni hutokea chini ya nyuzi 90 na hayana maana. Baada ya hapo epua, funika, weka mahali pa baridi. Utando utakaofanyika sasa, maziwa yapoapo, ni mpya. Umetokana na maziwa ambayo kila tone lake limepita katika mchemko, na uso wake haukuachwa nyuma. Huo ni salama kwa mkubwa na mdogo, aule kwa kijiko, aule na sukari, au auchanganye katika uji wa uwele.

Wapo wasiofaa kuula, nao ni wachache: mtu ambaye mwili wake hukataa protini za maziwa, akavimba midomo au kuwashwa ngozi, hana ruhusa ya kuula hata kidogo, kwani ndimo zilimosongamana. Bali yule ambaye tumbo lake hukorofishwa na sukari ya maziwa tu, akajaa upepo na kuharisha, aweza kuuona utando kuwa mwepesi kwake kuliko bilauri ya maziwa, kwa sababu sukari nyingi imebaki chini. Aliyekatazwa mafuta na tabibu anajua mwenyewe.

Liko jambo moja ambalo mchemko hauliwezi, na katika uwanda wa kati haifai kulinyamazia. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, katika wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto miongoni mwa nyingine, walipatwa na maradhi ya ini ya ghafla yaliyotokana na mahindi yenye sumukuvu. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao wakafa. Sumukuvu hiyo hufanywa na ukungu unaoota katika nafaka, karanga na mbegu zilizohifadhiwa vibaya, na ng'ombe aliyelishwa pumba au mashudu yenye ukungu huibadilisha mwilini mwake na kuitoa, kwa kiasi kidogo, katika maziwa. Watafiti waliopima maziwa mabichi ya ng'ombe wa nyumbani huko Singida, pamoja na mashudu ya alizeti waliyokuwa wakilishwa, waliikuta katika vyote viwili. Moto wa jikoni hauiharibu. Tena ina tabia ya kushikamana na kaseini, na kwa kuwa utando ni kaseini iliyosongamana, kijiko cha utando chaweza kuwa nayo zaidi kidogo kuliko kijiko cha maziwa. Sisemi haya ili mtu aache utando akanywa maziwa, kwani aliyekunywa bilauri amekwisha kupata nyingi kuliko aliyekula utando wake. Nasema ili ijulikane kwamba dawa yake iko zizini na ghalani, katika kukausha mashudu na kuyatupa yaliyofanya ukungu wa kijani au wa manjano, wala haiko jikoni.

Lililobaki ni habari ya kuweka akiba, na hapa ndipo wengi hukosea baada ya kuchemsha vema. Utando wa siku moja ni mdogo, kwa hiyo mwenye nyumba huukusanya: kila jioni huyaacha maziwa yaliyochemshwa yapoe mpaka asubuhi, ambapo mafuta mengi zaidi yamepanda na kujiunga na utando, kisha huuengua wote kwa kijiko chenye matundu na kuutia katika bakuli. Hiyo ndiyo malai, ambayo watu wa pwani wameizoea na ambayo familia za Kihindi za miji ya reli ya kati, kuanzia Morogoro mpaka Tabora, zina utaratibu wake wa siku zote. Malai ni chakula chenye maji ya kutosha na protini nyingi, na vijidudu hukipenda. Mchemko uliua vilivyokuwamo, isipokuwa vile vyenye kujifunika gamba gumu, ambavyo hustahimili nyuzi 96 na kuamka maziwa yakikaa vuguvugu saa nyingi. Na vingine huingia upya kwa mkono, kwa kijiko, na kwa inzi. Baadhi ya vijidudu hivyo, hasa vile vitokavyo katika vidonda na pua za watu, hutoa sumu ambayo haiondoki hata malai ikichemshwa tena, na aliyekula hutapika baada ya saa chache tu. Kwa hiyo bakuli la malai sharti likae katika jokofu, lifunikwe, litiwe kwa kijiko kikavu, na lisizidi siku nne au tano. Pasipo jokofu, utando wa leo uliwe leo. Ukiuona unateleza kama kamasi, au una madoa ya waridi au ya kijani, au unanuka uchachu uliochanganyika na uvundo, usiuonje ili kuhakikisha.

Mwenye malai nyingi na asiye na jokofu la kutegemea anayo njia ya kale ambayo haijapitwa. Humwagia malai kijiko cha mtindi mzuri, huiacha usiku mmoja ichachuke, kisha huisukasuka katika kibuyu au chupa yenye mdomo mpana mpaka siagi ijitenge na kuwa mabonge. Huyaosha mabonge hayo kwa maji safi ya baridi mara mbili tatu, mpaka maji yatoke bila weupe, maana weupe huo ni kaseini, nayo ndiyo inayoozesha. Siagi hutelekwa kwa moto mdogo. Mwanzo huchemka kwa kelele na povu jeupe, kwani maji yanatoka. Kelele zikipungua na mapovu yakawa madogo na machache, joto limepita nyuzi 110, maji yamekwisha, na masalio ya protini yameshuka chini, yakaanza kuwa ya kahawia na kunukia. Hapo huepuliwa bila kuchelewa, kwani dakika chache zaidi huyaunguza na kuitia samli uchungu, kisha huchujwa kwa kitambaa kikavu katika chombo kikavu. Samli hiyo hukaa miezi katika kabati la kawaida la Dodoma, na yale masalio ya kahawia yaliyobaki kitambaani huliwa siku hiyo hiyo na ugali wa mtama.